Uganda: Kikombe cha uji wa soya, mtama na ulezi kina lishe kiasi gani?

Katika masoko ya Lira, kaskazini mwa Uganda, unga wa lishe uliochanganywa soya, mtama na ulezi huuzwa kwa mizani kama unga wa kawaida. Eneo hilo hulima mazao yote matatu. Ulezi, ambao wenyeji huuita kal, ni chakula cha jadi cha Lango na Acholi, na soya imeenea zaidi tangu Chuo Kikuu cha Makerere kilipoanza kutoa mbegu zake zijulikanazo kwa jina la Maksoy. Mama anayenunua unga huo huambiwa kwamba una protini nyingi. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yanahusu unga ulio mkavu. Mtoto hali unga mkavu. Anakunywa uji, na sehemu kubwa ya uji ni maji.

Pengo hilo kati ya unga na kikombe ndilo linalowapotosha wengi, na hesabu yake si ngumu. Inahitaji mizani ya jikoni, kalamu na subira kidogo.

Kwanza ni uwiano wenyewe. Mchanganyiko unaofaa kuuchukua kama mfano ni wa sehemu moja ya soya, sehemu moja ya mtama na sehemu mbili za ulezi. Katika kilo moja, hiyo ni gramu 250 za soya, gramu 250 za mtama na gramu 500 za ulezi. Soya imewekwa kwa sababu nafaka zina upungufu wa laisini, mojawapo ya viambata vya protini ambavyo mwili hauwezi kuvitengeneza wenyewe. Soya ina laisini kwa wingi, lakini haina methionini ya kutosha, ambayo nafaka zinayo. Kwa hiyo kila upande hujaza pengo la mwenzake, na protini ya mchanganyiko hutumika vizuri zaidi mwilini kuliko ya unga mmoja pekee.

Takwimu za vyakula hutofautiana kidogo kulingana na mbegu na udongo, lakini kwa makadirio gramu 100 za soya nzima huwa na gramu 36 za protini, 20 za mafuta na 30 za wanga. Mtama una gramu 10 za protini, 3 za mafuta na 72 za wanga. Ulezi una gramu 7 za protini, moja na nusu ya mafuta na 72 za wanga. Nyuzinyuzi zimehesabiwa ndani ya wanga, na kwa sababu hiyo nishati inayopatikana kwa hesabu hii huwa juu kidogo ya ile ambayo mwili unaipata.

Ili kupata protini ya gramu 100 za mchanganyiko, kila unga huchangia kulingana na sehemu yake. Soya ni robo, hivyo inaleta robo ya 36, yaani gramu 9. Mtama nao ni robo, unaleta gramu 2.5. Ulezi ni nusu, unaleta gramu 3.5. Jumla ni gramu 15. Kwa njia hiyohiyo mafuta yanakuwa gramu 6.5 na wanga gramu 61.5. Kila gramu ya protini au ya wanga hutoa kilokalori 4, na ya mafuta hutoa 9. Ukizidisha na kujumlisha unapata takriban kilokalori 365.

Kosa la kupima kwa kikombe

Hesabu hiyo inasimama tu iwapo unga umepimwa kwa uzito. Wengi hupima kwa kikombe au kopo, wakidhani kikombe kimoja cha soya ni sawa na kikombe kimoja cha mtama. Sivyo. Unga wa soya ni mwepesi na umejaa hewa: kikombe chake cha mililita 240 kina uzito wa gramu 84 hivi, wakati kikombe cha unga wa mtama au wa ulezi kinakaribia gramu 120. Anayechota kikombe kimoja cha soya, kimoja cha mtama na viwili vya ulezi hapati robo ya soya, bali chini kidogo ya moja ya tano. Protini ya unga wake hushuka kutoka gramu 15 hadi zaidi kidogo ya 13, wala hakuna dalili yoyote itakayomwonyesha kwamba imeshuka.

Kuna mtego mwingine wa mizani. Soya hupoteza maganda inapotayarishwa, kwa hiyo hupimwa baada ya kuchemshwa, kumenywa na kukaushwa, si kabla.

Maandalizi hayo si ya kurukwa. Soya mbichi ina viambata vinavyozuia tripsini, kimeng'enya kinachosaga protini tumboni, na mtoto anayelishwa soya isiyoiva huharisha huku protini ikipita bila kufyonzwa. Njia ya kawaida ni kuzichambua punje, kuzitumbukiza katika maji yanayochemka kwa dakika 20 hadi 25, kuzisugua ili maganda yatoke, kuzianika hadi zikauke kabisa, kisha kuzikaanga kavu kwa moto mdogo mpaka ziwe na rangi ya dhahabu. Unga unaonuka maharage mabichi na kuacha uchungu ulimini haukuiva. Uliofikia rangi ya kahawia iliyokolea umeungua, na laisini, ambayo ndiyo sababu ya kuitafuta soya, ni ya kwanza kuharibika kwa moto mkali.

Mashineni, soya husagwa pamoja na nafaka. Ikisagwa peke yake, mafuta yake hugandisha unga na kuziba chekeche. Mafuta hayohayo ndiyo yanayofanya unga huu usikae muda mrefu kama unga wa nafaka tupu. Ni heri kusaga unaotosha wiki chache kuliko gunia litakaloanza kunuka mafuta yaliyochacha.

Kutoka unga hadi kikombe

Chukulia sasa mama wa Lira mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye bado ananyonya. Ana unga wake wa sehemu moja, moja na mbili. Anapima gramu 120 za unga, anaukoroga katika lita moja ya maji na kuupika kwa moto wa wastani. Kabla ya kuanza aliipima sufuria tupu. Uji ukishaiva anaipima tena ikiwa na uji, na kutoa uzito wa sufuria. Tuseme amepata kilo moja kamili. Maji mengine yamekwenda na mvuke. Hatua hii ndiyo inayoachwa mara nyingi, na bila yake haijulikani unga umetawanyika katika uji kiasi gani.

Hesabu ya kikombe cha gramu 250 ni hii:

120 ÷ 1,000 × 250 = 30

Kikombe kimejaa, lakini unga uliomo ni gramu 30 tu. Ukizidisha 30 kwa thamani ya gramu 100 na kugawa kwa 100, unapata protini gramu 4.5, mafuta takriban gramu 2, wanga gramu 18.5 na nishati kilokalori 110 hivi. Aliyesoma kwenye pakiti kwamba unga una gramu 15 za protini, akadhani kila kikombe kinazo, amekosea zaidi ya mara tatu.

Je, soya imesaidia? Unga wa mtama na ulezi peke yake, kwa uwiano wa moja kwa mbili, una gramu 8 za protini. Kikombe cha uji wake kingekuwa na gramu 2.4 za protini na kilokalori 101. Soya imekaribia kuongeza protini maradufu, lakini nishati imepanda kwa kilokalori zisizofika 10. Kubadili uwiano hubadili protini. Nishati ya kikombe huamuliwa na maji.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 kuhusu chakula cha nyongeza unakadiria kwamba mtoto wa miezi 12 hadi 23 anayenyonya kwa kiwango cha wastani anahitaji kilokalori 550 kwa siku kutoka vyakula vingine. Kwa uji huu, hivyo ni vikombe vitano. Tumbo la mtoto wa umri huo hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 10 hushiba kwa gramu 300 hivi. Kikombe kimoja kinakaribia kumjaza, na mtoto anaweza kuonekana ameshiba siku nzima huku akipungua uzito.

Jibu la haraka ni kuongeza unga, lakini uji wenye gramu 200 za unga kwa kilo huwa mzito kama ugali laini, na mtoto huutema. Hapa ndipo kimea kinapoingia. Nafaka iliyooteshwa ina amilesi, kimeng'enya kinachokatakata wanga na kuulegeza uji bila kuongeza maji. Watu wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wanaijua nguvu hiyo katika bushera, kinywaji chao cha nafaka iliyooteshwa, na nchini Tanzania watafiti waliichunguza katika uji wa watoto miaka ya 1980.

Kwa mtoto, kimea cha ulezi ni salama kuliko cha mtama. Mtama unapoota, machipukizi na mizizi yake hutengeneza kiambata kinachotoa sianidi, na kama utatumika ni lazima vikaushwe na kusuguliwa vitoke vyote. Ulezi huoteshwa siku mbili hadi tatu, huanikwa, huondolewa mizizi na kusagwa. Punje zilizoota ukungu hutupwa. Uji mzito ukishaiva huepuliwa na kuachwa upoe kidogo, kwa kuwa moto wa kuchemka huua amilesi. Kisha kijiko kimoja cha chakula cha unga wa kimea hukorogwa ndani. Baada ya dakika chache uji hulegea wenyewe. Hurudishwa motoni uchemke tena, kwa ajili ya kuua vijidudu vilivyoletwa na kimea.

Kwa gramu 200 za unga katika kilo ya uji, kikombe kilekile cha gramu 250 sasa kina gramu 50 za unga: protini gramu 7.5, mafuta gramu 3 na robo, wanga gramu 31, kilokalori 182. Vikombe vitatu vinakaribia 550. Chuma kilichomo katika nafaka na soya hufyonzwa kwa shida, kwa hiyo dagaa, nyama, mboga za majani na matunda bado vina nafasi yao katika sahani ya mtoto huyo.