Huna historia ya mkopo? Anza na elfu thelathini, ulipe kabla ya siku

Wauzaji wenzangu, leo tuongelee kitu kinachowakwamisha wengi. Unauza vizuri, oda zinaingia WhatsApp kila siku, halafu siku unaenda kuomba mkopo wa milioni moja unaambiwa haiwezekani. Hujawahi kudaiwa na mtu, kwa hiyo unashangaa. Kumbe tatizo ndo hilo hilo: hujawahi kudaiwa, basi hakuna mahali palipoandikwa kwamba unalipa.

Kwa hapa kwetu Tanzania, mabenki yanatakiwa kupeleka taarifa za wakopaji wao kwenye kanzidata ya taarifa za mikopo iliyo chini ya Benki Kuu. Kanuni zake ni za mwaka 2012. Kutoka huko, kampuni zenye leseni kama Creditinfo Tanzania zinatengeneza ripoti ya kila mkopaji: amekopa wapi, kiasi gani, amebakiza ngapi, amechelewa siku ngapi. Afisa mikopo akikutafuta asikuone, kwake wewe ni mtu asiyejulikana. Siyo mbaya, ila hajulikani, na asiyejulikana hapewi milioni.

Sasa mkopo gani unaandikwa? Hapa wengi tunakosea. Elfu hamsini uliyokopa kwa mama wa dukani ukairudisha, haionekani. Hela ya kikundi unayorudisha kila Jumapili nayo mara nyingi inaishia kwenye daftari la kikundi. Lakini mkopo wa simu kama M-Pawa, ulioanza 2014, nyuma yake ipo benki (wakati ule CBA, siku hizi NCBA). Anayekukopesha siyo mtandao wa simu, ni benki, na benki inatakiwa kuripoti. Ndiyo maana kimkopo kidogo cha simu kinaweza kuwa mstari wako wa kwanza kwenye ripoti. Ukienda kwa taasisi nyingine ndogo, uliza kabla ya kusaini: "Mna leseni ya Benki Kuu? Taarifa zangu mnazipeleka kwenye kanzidata?" Wakishindwa kujibu, hata ukilipa vizuri huenda hutajenga kitu.

KABLA YA KUKOPA, ANGALIA LAINI

Laini unayotumia imesajiliwa kwa namba ya NIDA ya nani? Huku kwetu Kyela wapo wengi wanaotumia laini ya kaka, ya shemeji au ya mume. Ukikopa kwenye laini hiyo ukalipa vizuri mwaka mzima, sifa zote zinaenda kwa mwenye NIDA. Na yeye akiharibu, unaumia wewe usiyehusika. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama ya biashara haimo, rekebisha kwanza hilo.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme dada yupo Talatala, anauza mchele wa Kyela kwa oda, wateja wake wako Mbeya mjini. Simu inamruhusu akope 30,000 tu. Usidharau, mara ya kwanza kiwango huwa kidogo kwa sababu hata simu haikujui. Ada tuseme ni asilimia 9 kwa siku 30, kwa hiyo atarudisha 32,700. (Yako isome kwenye skrini kabla hujakubali, kila huduma ina bei yake.)

Kabla ya kubonyeza, ana oda mkononi: kilo 15. Ananunua kwa 2,000 kilo, hiyo ni 30,000. Anauza kwa 2,800, anapata 42,000. Basi linamla 3,000. Anabaki na 39,000, akitoa deni 32,700 faida ni 6,300. Siyo nyingi, lakini mkopo umejilipa wenyewe, hajagusa hela ya unga.

Cha muhimu zaidi ni siku. Kununua, kutuma na kulipwa kunamchukua siku 10, na mkopo una siku 30. Hata mteja akimzungusha wiki mbili bado yuko salama. Hiyo ndo kanuni ya kushika: muda wa mkopo uwe angalau mara mbili ya muda hela yako inavyozunguka. Kama mzunguko wako ni siku 25, mkopo wa siku 30 usiuguse, maana mteja mmoja tu akichelewa umechelewa na wewe.

Hela ya mteja ikiingia, dada haisubirishi. Analipa siku ya 25 hivi, siyo ya 30 usiku, kwa sababu mtandao unaweza kugoma siku ile ile ya mwisho. Na hakopi asubuhi akarudisha jioni ili "kujenga jina". Ada ameshalipa, na afisa anayesoma ripoti hajifunzi chochote kuhusu mtu aliyekaa na deni saa nane.

Anafanya hivyo mara tatu au nne, kila mara akiwa na oda mkononi. Kiwango kikipanda hadi 100,000, siyo lazima akope yote. Anakopa kinachotosha oda.

WAPI WATU WANAHARIBIKIWA

La kwanza, salio dogo. Unalipa 32,000 ukidhani umemaliza, kumbe 700 imebaki. Kwenye ripoti mkopo bado uko wazi na siku za kuchelewa zinahesabika. Ukishalipa, rudi kwenye menyu uangalie deni linasoma sifuri, na ile meseji ya kukamilisha usiifute.

La pili, kukopa huku ulipe kule. Mikopo mitatu ya simu kwa mpigo inaonekana yote kwenye ripoti moja. Wewe unaona unajipanga, afisa anaona mtu anayezama.

La tatu, zile apu za mkopo wa dakika mbili zinazoomba kusoma majina yote kwenye simu yako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya apu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Huko hujengi historia, unajenga aibu, maana ukichelewa wanawapigia mpaka wateja wako.

NA MWISHO WAKE NI UPI?

Asilimia 9 kwa mwezi ni ghali. Mwaka mzima ukikopa hivyo, ada inakula faida yako. Kwa hiyo chukulia hii ni ngazi, siyo nyumba ya kukaa. Baada ya miezi sita hivi, omba ripoti yako mwenyewe, ni haki yako kuiona. Angalia mambo matatu: jina na namba ya NIDA ni zako, kila mkopo uliomaliza umeandikwa umefungwa, na siku za kuchelewa ni sifuri. Ukikuta kosa, lipinge kwa maandishi ukiambatanisha zile meseji za malipo.

Ripoti ikiwa safi, ndo uende benki au taasisi yenye leseni ukaombe mkopo wenye riba ndogo na muda mrefu. Beba na taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita, ionyeshe hela za wateja zikiingia. Usiruke kutoka 100,000 hadi milioni tatu. Omba 500,000, lipa, halafu rudi tena.

Ripoti safi haikuhakikishii mkopo. Bado watauliza mauzo yako na mdhamini wako. Ila swali la "huyu ni nani?" litakuwa limeshajibiwa.

Wewe unauza nini, na hela yako inazunguka kwa siku ngapi? Tuandikie hapo chini tupige hesabu pamoja.