Tangi la Chama: Nusukipenyo, Kipenyo na Lita Zilizopotea



Katika ukaguzi wa vyama vya msingi tumezoea kutafuta upungufu wa fedha, wa magunia na wa korosho ghalani. Safari hii napenda kueleza upungufu wa namna nyingine: maji yaliyodaiwa kupotea tangini, na mzee mmoja aliyekaribia kuyalipa, hali hayakuwapo tangu mwanzo.

Shauri lilitokea katika chama kimoja cha Wilaya ya Kisarawe. Mji wa Kisarawe ulipata mradi wa maji ya bomba kutoka Kibamba, uliozinduliwa mwaka 2020, lakini chama hicho kipo mbali na mji, na wanachama wake hutegemea mvua. Kwa hiyo walijenga tangi la saruji la duara kando ya ghala, likinge maji ya paa wakati wa masika, nayo yatumike kiangazi kati ya Juni na Septemba.

Bodi ilipanga hivi. Tangi lingefunguliwa Agosti, na kila kaya kati ya kaya 60 ingepata ndoo mbili za lita 20 kwa siku, kwa bei ya shilingi 50 kila ndoo. Hizo ni ndoo 120, yaani lita 2,400 kwa siku. Katibu alikuwa amepima tangi na kuandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba linachukua lita 77,000. Ukigawanya lita hizo kwa 2,400 unapata siku 32. Wanachama wakaambiwa kwamba mwezi mzima hawatakuwa na shida.

Siku ya saba jioni koki ilikauka, na watu wawili wa mwisho katika foleni wakarudi na ndoo tupu. Daftari la mtunza tangi lilionyesha kwamba amegawa ndoo 838, ambazo ni lita 16,760. Bodi ilitoa lita hizo katika 77,000, ikaona zimepungua lita 60,240, yaani ndoo 3,012. Kwa shilingi 50 kila ndoo, mzee yule akaandikiwa deni la shilingi 150,600, likatwe katika posho yake. Nilipofika, mwanachama mmoja alisimama akaniuliza, “Ndugu Mkaguzi, maji hayana miguu. Basi yamekwenda wapi?”

Sikulifungua daftari la mzee kwanza. Niliomba karatasi ya hesabu ya katibu. Vipimo vyenyewe vilikuwa sahihi: kutoka ukuta hadi ukuta kwa ndani, kupitia katikati, mita 3.5, na kimo kutoka sakafu ya tangi hadi ukingo wa juu, mita 2. Chini yake aliandika:

22/7 × 3.5 × 3.5 × 2 = 77

Akazidisha kwa 1,000, kwa kuwa mita moja ya ujazo ni lita 1,000, akapata 77,000. Kuzidisha kwake hakuna kosa hata moja. Kosa ni namba aliyoiweka mahali pa nusukipenyo.

Ujazo wa tangi la duara ni eneo la sakafu yake mara kimo chake. Eneo la duara ni 22/7 mara nusukipenyo mara nusukipenyo. Nusukipenyo ni umbali kutoka katikati ya duara hadi ukutani, na kipenyo ni umbali kutoka ukuta hadi ukuta wa pili kupitia katikati. Futikamba hutupa kipenyo, kwa sababu ni rahisi kuivuta kutoka ukuta hadi ukuta kuliko kuitafuta katikati. Lakini kanuni inataka nusukipenyo. Kabla ya hesabu kuanza hapana budi kugawanya kwa mbili, na hapo ndipo katibu aliporuka. Hesabu iliyopasa kuandikwa ni hii:

22/7 × 1.75 × 1.75 × 2 = 19.25

Mita za ujazo 19.25 ni lita 19,250. Jibu la kwanza lilikuwa mara nne kamili ya jibu la kweli. Wengine hudhani kwamba, kwa kuwa kipenyo ni mara mbili ya nusukipenyo, kosa litakuwa mara mbili tu. Sivyo, maana namba ile inazidishwa kwa yenyewe: mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, jumla mara nne. Kwa hiyo majibu mawili ya tangi moja yakitofautiana mara nne kamili, shuku nusukipenyo kabla ya kumshuku mtu.

Je, Katibu asiyekuwa na mkaguzi karibu atalijuaje kosa hili? Ipo njia isiyohitaji 22/7 hata kidogo. Fikirini sanduku la mraba ambalo tangi lingeingia ndani yake barabara, likigusa pande zote nne. Kila upande wa sanduku la Kisarawe ungekuwa mita 3.5, na kimo mita 2. Zidisheni 3.5 kwa 3.5 kwa 2, mnapata mita za ujazo 24.5, yaani lita 24,500. Tangi limo ndani ya sanduku. Haliwezi kuchukua maji mengi kuliko sanduku lenyewe. Jibu la lita 77,000 linashindwa hapo hapo.

Sanduku hilo linatwambia zaidi. Pembe nne ndizo zinazobaki wazi nje ya duara, na duara hujaza sehemu 11 katika kila sehemu 14 za sanduku, yaani zaidi kidogo ya robo tatu. Gawanyeni 24,500 kwa 14, kisha mzidishe kwa 11, nanyi mtapata 19,250 ile ile. Basi jibu likizidi sanduku, kipenyo kimetumika mahali pa nusukipenyo. Likiwa chini ya nusu ya sanduku, kosa ni la upande wa pili, kama nilivyolikuta Kibaha.

Huko Kibaha chama kimoja kilinunua tangi la plastiki lililoandikwa lita 5,000. Mjumbe mmoja alitaka kulihakiki, na kwa kuwa hakuweza kuingia ndani, alilizungushia kamba. Mzingo ulikuwa mita 5.66. Aliuzidisha kwa 7 na kugawanya kwa 22, akapata mita 1.80, ambayo ni kipenyo. Akagawanya kwa mbili, akapata 0.90, akaiandika pembeni bila kuandika ni nini. Asubuhi yake mwenzake aliichukua karatasi, akadhani 0.90 ni kipenyo, akaigawanya tena. Kwa nusukipenyo cha 0.45 na kimo cha maji cha mita 1.95 alipata lita 1,241, na chama kikaandaa barua ya kumshitaki muuzaji. Sanduku la tangi hilo, yaani 1.80 kwa 1.80 kwa 1.95, ni lita 6,318. Jibu lililo chini hata ya robo ya sanduku haliwezi kuwa la tangi la duara. Kwa 0.90 ujazo ni lita 4,964, na tofauti ndogo na 5,000 si ajabu kwa tangi lenye mabega ya mviringo lililopimwa kwa kamba. Barua ikachanwa.

Turudi Kisarawe, maana swali la mwanachama lilikuwa bado halijajibiwa lote. Ikiwa tangi huchukua lita 19,250, mbona mzee aligawa 16,760 tu? Tuliingia tangini tukiwa na futikamba. Tundu la kutolea maji yanayozidi lilikuwa sentimita 10 chini ya ukingo. Maji hayapandi juu ya hapo. Koki ilikuwa sentimita 15 juu ya sakafu; maji yaliyo chini yake hayatoki. Kwa hiyo kimo cha maji yanayogawika si mita 2 bali mita 1.75. Eneo la sakafu ni mita za mraba 9.625, mara 1.75 tunapata lita 16,844. Daftari la mzee lilipungukiwa lita 84, yaani ndoo nne na kidogo, kwa siku saba za kumimina na kumwagika. Nimekagua maghala mengi yenye tofauti kubwa kuliko hiyo.

Hata hivyo nilitambua kwamba hesabu yangu ni karatasi kama ya katibu ilivyokuwa karatasi, na wanachama wana haki ya kuona kwa macho. Mvua za vuli zilipojaza tangi, tulifanya jaribio mbele ya mkutano. Tuliteremsha ufito ulionyooka hadi sakafuni, tukatia alama pale ulipolowa. Tukateka ndoo 24 zilizojaa, ambazo ni lita 480, kisha tukateremsha ufito tena. Katika tangi hili kila sentimita moja ya kimo ni lita 96.25; hivyo maji yalipaswa kushuka karibu sentimita 5. Kama lingekuwa tangi la lita 77,000, kila sentimita ingekuwa lita 385, na maji yangeshuka sentimita moja na robo tu. Alama ya pili ilikuwa chini ya ile ya kwanza kwa upana wa vidole vitatu vya mtu mzima. Yule mwanachama aliyeuliza swali ndiye aliyeshika futikamba, akasoma sentimita 5 kwa sauti.

Jaribio hili lina masharti. Ndoo iwe imehakikiwa kuwa ya lita 20, ijazwe sawasawa kila mara, na maji yawe yametulia kabla ya kusoma ufito. Msiteke ndoo mbili tatu tu, kwa maana maji yatashuka kidogo mno, na kosa la kusoma litakuwa kubwa kuliko kipimo chenyewe. Kadhalika, kipenyo kipimwe kwa ndani. Ukuta wa tangi lile una unene wa sentimita 10. Aliyepima kwa nje angeongeza zaidi ya lita 2,000 za saruji katika hesabu ya maji.

Deni la shilingi 150,600 lilifutwa, na kufutwa kwake kukaandikwa katika kumbukumbu za mkutano kama kuandikwa kwake kulivyokuwa. Ugawaji sasa ni ndoo moja kwa kaya kwa siku, nao hudumu siku 14. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari la maji katibu ameandika mistari minne, ambayo nashauri kila chama chenye tangi la duara kiinakili: kipenyo cha ndani, mita 3.5, nusukipenyo, mita 1.75, kimo kutoka koki hadi tundu la juu, mita 1.75, maji yanayogawika, lita 16,844. Katika tangi hili namba ya mstari wa pili na ya tatu zimefanana kwa bahati tu. Ndiyo sababu kila namba iandikwe pamoja na jina lake.