Je, Wajua? Neno “WATOTO” ni mtihani kwa mchora mabango

Je, wajua kwamba vile vijimkia kwenye ncha za herufi za Times New Roman vina asili ya zaidi ya miaka elfu moja na mia tisa? Vinaitwa serifu. Mfano wake maarufu umechongwa chini ya Nguzo ya Trayano mjini Roma, iliyokamilika mwaka 113. Padri Edward Catich wa Marekani, aliyekuwa pia mchora vibao, aliyachunguza maandishi hayo kwa karibu, na katika kitabu alichochapisha mwaka 1968 akatoa hoja kwamba herufi zilichorwa kwanza kwa brashi bapa, kisha patasi ikafuata rangi. Kwa maoni yake, serifu ni alama ya mkono ukigeuza brashi mwishoni mwa mstari.

Herufi zisizo na vijimkia, yaani sansi serifu, zilichelewa sana kuingia kwenye matbaa. Sampuli ya kwanza inayojulikana ilitolewa London na William Caslon wa Nne mwaka 1816, ikiwa na herufi kubwa tu. Arial na Helvetica ni za ukoo huo.

Kwa bango, swali la kujiuliza ni hili: msomaji atasimama umbali gani? Serifu nyingi zina mistari myembamba. Akisimama ng’ambo ya barabara, mistari hiyo humpotea; na ukiandika kwa herufi nyeupe juu ya rangi nzito, wino huweza kuifunika kabisa. Ndiyo maana kichwa cha bango hufaa sansi serifu nene, au serifu iliyonenepa mwili mzima. Maelezo madogo ya tarehe na ukumbi yanaweza kuwa ya aina nyingine. Mimi huona aina mbili zinatosha bango zima.

Sasa tuje kwenye jambo linaloharibu mabango mengi zaidi kuliko uchaguzi wa herufi. Chukua karatasi ya A3, iliyosimama wima, uandike TAMASHA LA WATOTO kwa Arial ya pointi 150, kila neno na mstari wake. Katika WATOTO hakuna jozi hata moja iliyo rahisi. W na A zina mistari ya mshazari. T imeacha uwazi chini ya mikono yake. O imejikunja pembeni. Kwa pointi 12 huoni kitu. Kwa pointi 150 uwazi unakua pamoja na herufi, na neno linaonekana kama limekatika vipande.

Kurekebisha nafasi ya jozi moja moja ndiko kunakoitwa keningi. Enzi za herufi za risasi, kila herufi ilikaa juu ya kipande chake cha mstatili, na sehemu iliyotokeza nje ya kipande, kama kichwa cha f, ndiyo iliyozaa jina hilo. Leo aina nyingi za herufi huja na jozi zilizokwisha kupangwa na mtengenezaji, ila si kila programu huzitumia bila kuambiwa. Katika Microsoft Word, fungua `Font`, kisha `Advanced`, uweke alama kwenye `Kerning for fonts`. Katika Inkscape, ambayo ni ya bure, weka kishale kati ya herufi mbili na ubonyeze `Alt` pamoja na `←` au `→`.

Usipime kwa rula. Kinachotakiwa kulingana ni kiasi cha uweupe kati ya herufi. Tazama herufi tatu tatu, ukiziba nyingine kwa karatasi: WAT, kisha ATO, kisha TOT. Ya katikati isiegemee upande wowote. Halafu geuza bango juu chini, ili jicho liache kusoma neno na lianze kuona nafasi.

Jozi ngumu kuliko zote kwenye bango letu ni LA. Juu yake pana uwazi mkubwa, lakini huwezi kuisogeza, kwa sababu mguu wa L utaugonga mguu wa A. Hapo dawa ni kinyume: acha LA ilivyo, uongeze kidogo nafasi kati ya herufi za TAMASHA na WATOTO, mpaka LA isionekane kuwa na pengo. Fanya haya mwishoni, baada ya kuamua aina na ukubwa wa herufi, maana ukibadilisha aina kazi yote inaanza upya.

Na usibane kupita kiasi. Katika sansi serifu, L ikigusana na I husomeka U: bango lililoandikwa MALI litasomwa MAU. Kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji, chapa nakala moja, ibandike ukutani, urudi nyuma hatua kadhaa, uisome kwa sauti.