Kabla ya Likizo Ndefu, Andika Yaliyokwama

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama mfanyakazi nchini Kenya likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Tuchukue mfano wa mhasibu wa kinu cha mpunga mjini Kutus anayeanza likizo hiyo tarehe 1 Novemba, wakulima wa Mwea wakiwa wanavuna na mpunga unaingia kwa wingi. Barua pepe ya kumkabidhi kaimu wake kazi kwa kawaida hujaa orodha ya majukumu: kulipa wakulima, kuandaa mishahara, kupeleka kodi. Orodha hiyo inahitajika, lakini kaimu angeweza kuipata kwa meneja. Asichoweza kukipata popote ni hali ya mambo ambayo hayajamalizika, na hapo ndipo barua inapaswa kurefuka.

Tuseme mnunuzi mmoja alichukua magunia 200 ya mchele akalipa nusu. Ukiandika “fuatilia deni la mnunuzi”, kaimu atapiga simu bila kujua ahadi iliyotolewa, na mnunuzi ataanza mazungumzo upya kwa faida yake. Afadhali uandike hivi: “Amelipia magunia 100. Ameahidi kumaliza tarehe 20 Novemba. Ujumbe wake umeambatishwa. Anayeshughulikia malipo kwake ni karani, si mwenye duka. Tarehe hiyo ikipita, usimpe mzigo mwingine, umjulishe meneja.” Kaimu sasa anajua jambo limefika wapi, zamu ni ya nani, na mamlaka yake yanaishia wapi. Kodi ya mishahara nayo iandikwe kwa tarehe zake: 9 Novemba, 9 Desemba na 9 Januari. Neno “kila mwezi” halitoshi, kwa maana anayechelewesha ritani hutozwa asilimia 25 ya kodi au shilingi 10,000, kutegemea ipi ni kubwa.

Wapo watakaosema barua ndefu haisomwi, na kwamba kukiwa na shida simu ipo. Urefu unatibika: tangulizeni yale ya wiki mbili za kwanza, mengine yafuate kwa tarehe. Hoja ya simu siikubali kabisa. Mama aliyejifungua juzi hapaswi kuulizwa risiti iko wapi, na kaimu anayetegemea simu hukwama siku isipopokewa. Kando ya kila jina la mawasiliano, elezeni mtu huyo huamua nini. Nywila zisiandikwe humo. Meneja amfungulie kaimu ruhusa zake mwenyewe, kwa sababu malipo yakikosewa lazima ijulikane nani aliyaidhinisha. Barua yenyewe itumwe mwishoni mwa Septemba, ili ritani ya tarehe 9 Oktoba ijazwe na kaimu, mhasibu akiwa ameketi kando yake. Atakapokwama ndipo patakapoonekana sentensi iliyosahaulika, nayo iongezwe siku hiyo hiyo.