Numero ya mukanda si numero ya tumbo

Siku moja ya mapumziko tulifika kwa mwenzetu mumoja wa Kolwezi, shofere wa kamio kubwa za mugodi. Tulibeba metre ya fundi wa nguo. Akacheka: «Suruali yangu iko 90 tangu siku ya ndoa. Mupime bibi!»

Kweli, suruali ilikuwa 90. Lakini mukanda ulikaa chini ya tumbo. Tumbo iliongezeka, mukanda ukashuka, njo maana numero haikubadilika. Kosa hii tunaikuta kila mara.

Kupima njo hivi. Mutu asimame wima, miguu pamoja, shati juu, mukanda wazi. Ku upande wa mwili, tafuta na kidole mwisho wa mbavu. Shuka mupaka ukute juu ya mufupa wa kiuno. Metre inapita katikati: kama kati ya mifupa hiyo kuna santimetre 10, weka ku 5. Usifuate kitovu, sababu tumbo kubwa inakishusha. Metre izunguke sawasawa mbele na nyuma, iguse ngozi bila kuikaza. Mutu atoe pumzi kama kawaida, asivute tumbo ndani, kisha usome. Rudia mara ya pili. Kama zinapitana zaidi ya santimetre 1, anza tena.

Mwenzetu akapata 98. Akanyamaza.

Kufuatana na Shirika la Afya Duniani, OMS, hatari kwa mwanaume inaanza kupanda ku 94, na ku 102 inapanda sana. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Numero hizi zilitoka zaidi ku vipimo vya watu wa Ulaya. Siye Waafrika tunazitumia mupaka za kwetu zipatikane.

Bibi yake akapata 90. Bwana alifikiri bibi amemushinda, sababu 90 ni kidogo kuliko 98. Hapana! Bwana alipita musitari wa kwanza tu. Bibi alipita yote mbili.

Kwa nini tumbo? Mafuta ya ndani, ile inazunguka maini na matumbo, njo inasukuma tansio na sukari kupanda. Balansi haiwezi kuionyesha: kilo za misuli ya muchimbaji na kilo za mafuta, kwake ni kilo tu.

Lakini metre haisemi mutu ni mugonjwa. Inasema aende apimwe tansio na sukari. Na haifai kwa mwanamke mwenye mimba, wala kwa mutu mwenye tumbo kujaa maji.

Wote wawili walikwenda. Sukari yao ilikuwa muzuri, na tansio ya bwana pia. Ya bibi ilikuwa 160 juu ya 100, na siku ingine walipoirudilia, karibu vilevile. Hakuwa na kichwa kuuma, hakuwa na kizunguzungu. Sasa anameza dawa kila asubuhi, na bwana amepandisha mukanda wake juu.