Fyuzi iwe ya mwisho: kuunga betri, kontrola na paneli bila shoti

Mafundi wa sola wanaujua mpangilio huu kwa kichwa: betri kwanza, kisha paneli, halafu taa na vifaa vingine. Sababu yake haielezwi mara nyingi, na mpangilio usio na sababu huvunjwa mara tu mtu anapokuwa na haraka. Tuchukue mfumo unaopatikana katika nyumba nyingi za vijijini: paneli moja ya wati 100, betri ya risasi ya volti 12 yenye ampea-saa 100, kontrola ndogo ya ampea 20 ya aina ya PWM, taa kadhaa na redio. Vyote vimenunuliwa leo, viko mezani, na hakuna waya hata mmoja uliokwisha kufungwa.

Mezani hapo kuna vyanzo viwili vya umeme, na tabia zao zinatofautiana mno. Paneli ikikaa juani hutoa kiasi cha volti 22 ikiwa haijaunganishwa na chochote. Nyaya zake mbili zikigusana, hupita ampea kama 6 tu, zinazozidi kidogo tu zile ambazo hutoa inapofanya kazi kawaida. Ndiyo maana fyuzi haiwezi kuikinga paneli moja dhidi ya shoti yake yenyewe, kwani haioni tofauti. Hatari ya paneli ni nyingine: haizimiki. Maadamu kuna mwanga, nyaya zake ziko hai, na ukizitenganisha wakati umeme unapita huweza kutoa cheche ya kuunguza vidole na plastiki.

Betri haina mpaka kama huo. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana, hivyo spana ikilala juu ya vichwa vyake viwili, umeme unaopita huweza kuzidi ampea 1,000. Waya wa milimita 2.5 za mraba umetengenezwa kubeba takriban ampea 20. Kwa shoti ya betri, ganda la waya huo huanza kutoa moshi katika sekunde chache, na spana yenyewe yaweza kuganda kwenye vichwa kama iliyochomelewa. Kwa hiyo tahadhari nyingi za siku ya kwanza zinaihusu betri, ingawa watu wengi huiogopa zaidi paneli kwa sababu iko juu ya bati na ina namba kubwa ya volti.

Sasa, kwa nini betri ndiyo itangulie? Kontrola ni kifaa kinachojipima kwa betri. Zile zinazofanya kazi kwa volti 12 au 24 huangalia volti za betri zinapowashwa na kuamua ziko katika mfumo upi. Ukianza na paneli, kontrola inakutana na volti 22 zisizo na kitu cha kuzituliza, na inaweza kuamua kwamba huu ni mfumo wa volti 24. Betri ya volti 12 ikija baadaye, itachajiwa kwa kiwango kisichokuwa chake: itachemka na kukauka maji. Hata kontrola isiyochagua yenyewe haiko salama, maana bila betri volti za paneli hupanda na kushuka kwa kila wingu, na taa iliyokwisha kufungwa hupokea zaidi ya inavyostahimili. Betri inapokuwepo, ndiyo inayozishikilia volti hizo mahali pake.

Kosa la pili, la kugeuza chanya na hasi, huharibu kwa njia ya moja kwa moja zaidi. Ndani ya kontrola kuna transista ambazo kwa maumbile yake huziba umeme upande mmoja tu. Betri ikifungwa kinyume, umeme hupita mahali ambapo haukutakiwa kupita, na kinachouzuia ni fyuzi peke yake. Pasipo fyuzi utasikia mlio mdogo, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Kontrola nyingi huandikwa kwamba zimekingwa dhidi ya kugeuzwa, lakini soma kijitabu chake vizuri: nyingine hukingwa upande wa paneli tu, na nyingine kinga yake huondoka iwapo paneli na betri zimeunganishwa kwa pamoja.

Kuna nyumba ambazo mtu huamua kuchaji moja kwa moja kutoka kwenye paneli hadi betri, akiiruka kontrola. Hapo kugeuza nyaya huharibu paneli. Katika kisanduku kilicho mgongoni mwake mna dayodi, kwa kawaida mbili kwa paneli ya aina hii, za kupitishia umeme kando wakati seli zinapofunikwa na kivuli. Betri ikiunganishwa kinyume, dayodi hizo hufunguka na kubeba umeme wote wa betri, zikaungua. Utalijua kosa hilo hata baadaye: paneli iliyotakiwa kuonyesha volti 22 kwenye jua kali inaonyesha kama 11 ikiwa dayodi moja imeungua na kubaki ikipitisha umeme pande zote, au karibu na sifuri ikiwa zote mbili. Watu huitupa paneli kama hiyo wakidhani seli zimekufa, kumbe mara nyingi ni dayodi za kubadilisha.

Kinga ya makosa yote mawili ni ileile. Kipimo kiamue badala ya rangi ya waya, na kiungo cha mwisho kufungwa upande wa betri kiwe fyuzi.

Anza na multimita yenyewe. Waya mweusi uingie kwenye tundu lililoandikwa COM, mwekundu kwenye tundu la volti, na kisahani kielekee kwenye volti za umeme wa betri, kiwango cha 20. Angalia tundu la waya mwekundu kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Ukiwa umeachwa kwenye tundu la 10A tangu kipimo cha mwisho, multimita inageuka kuwa waya mtupu, na kuigusisha kwenye betri ni kufanya shoti kwa mkono wako mwenyewe. Kisha pima kwenye vichwa vya betri, vyenye alama za + na −. Betri ya risasi iliyojaa na kutulia husoma kiasi cha volti 12.6 au 12.7. Namba ikija bila alama ya kutoa mbele yake, umehakikisha kwamba mwekundu wa kipimo chako ni chanya kweli. Sasa unaweza kukiamini kwa vipimo vinavyofuata.

Vua pete na saa, na uzungushie tepu mpini wa spana ubaki mdomo tu. Fyuzi ya mfumo huu iwe ya ampea 25, ya gari, ile yenye miguu miwili bapa, na waya wa kutoka betri hadi kontrola uwe wa milimita 4 za mraba. Holda ya fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu na kichwa cha betri, isizidi sentimita 20. Umbali huo una sababu: kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, kwa hiyo kifanye kiwe kifupi iwezekanavyo. Fyuzi iliyowekwa huko ukutani kando ya kontrola haiulindi waya unaopita chini ya kitanda na kusuguliwa na mguu wake kila siku.

Funga nyaya mbili kwenye betri huku holda ikiwa tupu. Upande wa pili, ncha zake zitenganishwe, kila moja imefunikwa na tepu. Chomeka fyuzi, fungua ncha moja moja, pima: mwekundu wa kipimo kwenye waya unaoamini ni wa chanya, mweusi kwenye mwingine. Ikitokea alama ya kutoa, umegundua kosa kabla halijagharimu kitu. Ncha zikigusana kwa bahati mbaya, ni fyuzi tu itakayokatika. Ukisharidhika, zungushia waya wa chanya tepu nyekundu pale mwishoni, hata kama nyaya zote mbili ni nyeusi. Hasa kama ni nyeusi.

Toa fyuzi tena. Sasa fungia ncha hizo kwenye kontrola, kwenye jozi ya skrubu yenye picha ya betri, pasipo umeme kwenye ncha za mikononi mwako. Kabla ya kuirudisha fyuzi fanya kipimo kimoja zaidi: weka multimita kwenye mlio, mguu mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwingine kwenye skrubu ya hasi ya kontrola. Ikilia mfululizo, waya umefika mahali pake. Hakikisha pia hakuna uzi wa shaba uliochomoza na kugusa skrubu ya jirani, maana kwenye kontrola ndogo nafasi kati ya skrubu ni ya milimita chache tu.

Ndipo uchomeke fyuzi. Kontrola itawaka na kuonyesha volti za betri. Hapa kuna faida nyingine ya kumalizia kwenye fyuzi: betri ya risasi ya maji iliyotoka kuchajiwa hutoa haidrojeni, na cheche juu ya vichwa vyake yaweza kuipasua; fyuzi huihamishia cheche hiyo kwenye holda. Hata hivyo, fungua madirisha ya chumba, na uiache betri ipumzike kabla ya kuigusa.

Paneli inafuata. Ifunike kwa blanketi au uilaze kifudifudi, kisha upime ncha zake chini kwenye kontrola, si juu kwenye paneli. Nyaya za kuongezea urefu ndizo zinazodanganya, kwa kuwa aliyezifunga viungio vya plastiki alichagua mwenyewe waya upi uende wapi. Ukiinua kona ya blanketi kidogo utaona namba inapanda. Unachotafuta ni alama yake tu. Funika tena, fungia kwenye skrubu zenye picha ya paneli, kisha funua. Taa na redio zifuate mwisho. Inveta isifungwe kamwe kwenye skrubu za taa za kontrola ndogo. Hiyo huenda moja kwa moja kwenye betri, ikiwa na fyuzi nene ya peke yake, na usishtuke ikitoa cheche ndogo ya mara moja inapounganishwa, kwa kuwa vihifadhi umeme vya ndani yake vinajaa. Cheche inayoendelea, au fyuzi inayokatika papo hapo, ni habari tofauti: usiweke fyuzi kubwa zaidi, rudi kupima alama.

Mpangilio huu husahaulika zaidi siku ya kutenganisha kuliko siku ya kuunga. Betri inapelekwa kuongezwa maji, au jirani anaiazima kwa usiku wa sherehe, saa sita mchana, paneli ikiwa juani na redio ikiimba. Aliyeichomoa ameiacha kontrola na paneli peke yake, na volti 22 zinaelekea kwenye redio. Zima taa na redio kwanza, funika paneli na uchomoe nyaya zake, kisha toa fyuzi, ndipo ufungue vichwa vya betri. Andika mpangilio huo kwa kalamu nene kwenye ubao uliobeba kontrola, mstari mmoja wa kuunga na mwingine wa kutoa, ili atakayekuja kuichukua betri wakati haupo nyumbani aukute hapo hapo.