Miale ya Jua Isiyoua Giza

Ukizitazama picha za harusi zilizotiwa miale ya jua baada ya kupigwa, mara nyingi kosa unaliona kwenye suti ya bwana harusi kabla ya kuliona kwenye jua lenyewe. Suti iliyokuwa nyeusi imekuwa ya rangi ya majivu. Nywele za bibi harusi zimepauka, vivuli chini ya miti vimekuwa kama maziwa, na picha nzima inaonekana imepigwa kupitia kioo kichafu. Mhariri aliongeza mwanga akitaka picha ichangamke, ikafifia. Jua huonekana kali kwa sababu kando yake kuna giza, kwa hiyo giza likiondoka, ukali nao huondoka.

Chanzo cha tatizo ni hesabu ndogo. Programu nyingi za kuhariri picha, ikiwemo GIMP ambayo ni ya bure, huweka mwanga wa nyongeza kwenye tabaka la juu na kulichanganya na picha kwa mtindo uitwao `Screen`. Tuseme weusi kabisa ni sifuri na weupe kabisa ni asilimia 100. Chukua tabaka la mwanga lenye asilimia 20 uliweke juu ya ukuta unaong'aa kwa asilimia 80: ukuta utapanda hadi 84, na jicho halitaona tofauti kubwa. Weka tabaka hilohilo juu ya kivuli chenye asilimia 5, nacho kitaruka hadi 24. Kivuli kimeongezeka karibu mara tano wakati ukuta haujabadilika kwa maana. Ndiyo maana mwanga uliomwagwa sawasawa juu ya picha huanza kwa kula giza.

Dawa ya haraka ambayo wengi huikimbilia ni kuzuia mwanga usiguse sehemu yoyote nyeusi. Suti inapona, lakini miale inageuka kitu cha ajabu, kwa sababu mwale halisi huonekana vizuri zaidi pale unapopita mbele ya giza. Kwa hiyo kuna giza linalopaswa kupanda na kuna giza lisilopaswa kuguswa kabisa. Ili kulijua lipi ni lipi, ni lazima kwanza ujue kila aina ya mwanga huu huzaliwa wapi.

Miale huzaliwa hewani. Mwanga wa jua ukipita kwenye hewa safi hauonekani kwa ubavu. Huonekana pale ukungu, vumbi au moshi unapoutawanya kuelekea kwenye jicho lako, na chembe hizo hutawanya zaidi kuelekea mbele, ndiyo maana miale huwa na nguvu ukielekeza kamera upande wa jua na hudhoofika ukiwa umelipa jua mgongo. Mng'ao unaolizunguka jua huzaliwa kwa sehemu kubwa ndani ya lenzi, pale mwanga mkali unaposambaa kwenye vioo na hata kwenye alama ya kidole iliyoachwa juu yake. Vile vidoa vya rangi vinavyojipanga mstari huzaliwa ndani ya lenzi moja kwa moja, mwanga ukidunda kati ya kioo na kioo.

Sasa tuichukue picha moja. Niliipiga Lushoto, kwenye milima ya Usambara, asubuhi yenye ukungu. Jua liko juu kushoto, nusu limefichwa na shina la mkaratusi. Katikati ni njia ya udongo, nyuma yake miti imesimama kizani, na karibu kabisa na kamera anapita mama aliyebeba mzigo wa kuni kichwani, amevaa kanga nyeusi yenye maua. Ukungu ulikuwepo kweli, ila kamera haikuupata kama jicho lilivyouona. Picha kama hii inastahili miale. Picha ya saa saba mchana ufukweni, hewa ikiwa safi, haistahili, na hakuna ufundi wa kompyuta utakaomfanya mtazamaji aiamini.

Hatua ya kwanza ni kuteremsha kidogo mwanga wa picha ya chini, hasa anga. Anga ikiwa tayari imefika 100, hakuna nafasi ya kuongeza kitu, na unachoongeza chote kitaishia kwenye vivuli. Kisha napima. Naweka alama mbili za kusoma rangi, moja kwenye kanga ya mama na nyingine kwenye miti ya nyuma. Kanga inasoma 4, miti inasoma 8. Namba hizi nazirudia kila baada ya hatua, kwa sababu jicho huzoea weupe upesi na baada ya dakika chache kivuli kilichopauka huonekana cha kawaida.

Miale yenyewe huchongwa kutoka kwenye picha. Narudufu tabaka la picha, nafungua `Levels`, na napandisha kikomo cha weusi hadi karibu asilimia 80, ili kila kitu kiwe cheusi isipokuwa jua na vipande vya anga vinavyochungulia kati ya majani. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanasahau vitu vingine vyeupe. Paa la mabati nyuma ya miti, dimbwi la maji njiani, au shati jeupe la mpita njia vyote hubaki vimeng'aa, na baadaye kila kimoja kitatoa miale yake kana kwamba nacho ni jua. Navipaka rangi nyeusi vyote kwa brashi. Halafu natumia `Zoom Motion Blur`, kitovu chake nikikiweka juu ya jua lenyewe, na nuru ya matundu ya majani inavutwa kuwa michirizi inayotoka kwenye jua. Narudia hadi michirizi ifike ardhini.

Kitovu hicho hakichaguliwi kwa kupendeza. Miale ya jua kwa kweli husafiri sambamba, maana jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, na huonekana kutawanyika kwa sababu ileile inayofanya reli mbili zionekane kukutana mbali. Vivuli vya mashina kwenye njia navyo hutii sheria hiyo. Vikielekea kulia huku miale ikidai kwamba jua liko upande huohuo wa kulia, mtazamaji atasita hata kama hawezi kusema kwa nini.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu kingo. Jua si nukta: kwa macho yetu lina upana wa karibu nusu digrii. Kwa hiyo ukingo wa mwale hulainika kadiri unavyosafiri, takriban milimita 9 kwa kila mita moja. Mwale uliopenya kwenye majani mita 10 juu hufika chini ukingo wake ukiwa umesambaa karibu sentimita 9. Miale iliyokatwa kama kwa wembe kutoka juu hadi chini husaliti kompyuta mara moja. Natengeneza nakala ya pili ya tabaka la miale, nailainisha kwa `Gaussian Blur`, na kuiacha ichukue nafasi taratibu kuelekea ardhini.

Tabaka hilo likiwekwa kwa `Screen`, miti ya nyuma inapanda kutoka 8 hadi 19 pale mwale unapopita, na kati ya mwale na mwale inapaswa kubaki palepale. Haikubaki, ilisoma 12. Sababu ni mkia wa ukungu: kila unapolainisha mwanga, kiasi kidogo, asilimia 3 au 5, husambaa hadi mbali kuliko unavyoona. Nafungua tena `Levels` kwenye tabaka la miale na kukata kila kilicho chini ya asilimia 5 kiwe cheusi kabisa. Weusi kwenye `Screen` hauongezi chochote. Nafasi kati ya miale zikarudi 8, na miale ikaonekana na nguvu zaidi ingawa sikuiongeza hata kidogo. Kati ya hatua zote, hii ndiyo ninayoona hurukwa mara nyingi kuliko nyingine, na ndiyo inayookoa picha nyingi.

Anabaki mama wa kuni. Yeye yuko karibu na kamera kuliko miale, kwa hiyo hewa yenye mwanga iko nyuma yake, na mwanga wa miale hauna njia ya kumfikia mbele. Namzungushia uteuzi, nautia kwenye maski ya tabaka la miale na kumfunika kabisa, ukingo ukilainishwa pikseli mbili au tatu ili asionekane amekatwa kwa mkasi. Kanga inarudi 4. Ghafla picha inapata kina: miti iko mbali ndani ya ukungu, mwanga uko katikati, yeye yuko mbele. Mashina ya mbele nayo hutendewa hivyohivyo.

Mng'ao wa jua ni habari nyingine, kwa sababu huo umezaliwa ndani ya lenzi na haujui nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Shina linalolifunika jua nusu linapaswa kuliwa kidogo kwenye kingo zake na mng'ao huo. Ukiliacha na ukingo mweusi mkali kando ya jua, linaonekana limebandikwa. Kwa hiyo mng'ao hauwekewi maski ya mama wala ya shina. Unadhibitiwa kwa kuwa mdogo: duara moja dogo lenye nguvu karibu na jua, na jingine pana lililo hafifu sana, yote yakiwa na rangi ya manjano ya asubuhi badala ya weupe mtupu. Mkia wake nao hukatwa kama ule wa miale.

Vidoa vya lenzi huja mwisho, na huwekwa juu ya kila kitu, hata juu ya kanga. Vina sheria moja isiyovunjwa: hujipanga kwenye mstari unaotoka kwenye jua na kupita katikati ya picha hadi upande wa pili. Yeyote aliyepiga picha ya jua kwa simu amekiona kile kidoa cha kijani kilichoketi upande wa pili, mkabala na jua. Ndiyo maana picha hukatwa ukubwa baada ya vidoa kuwekwa, maana ukiikata kwanza, katikati ya karatasi haitakuwa tena katikati ya lenzi na mstari utakwenda kombo. Pia vidoa huhitaji jua lionekane na lenzi. Jua likijificha lote nyuma ya shina, futa vidoa vyote.

Kuhusu nguvu yake, kioo kisichopakwa kinga hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso, na lenzi za sasa zimepakwa kinga inayoshusha kiasi hicho chini sana. Kwa hiyo vidoa vya kisasa ni vichache na hafifu. Kwenye picha ya Lushoto niliacha viwili, kimoja kikiangukia njiani, vyote vikiwa chini ya robo ya nguvu ambayo programu ilivitoa navyo.

Mwisho natazama picha kwa ukubwa wake kamili. Picha halisi ina chembechembe za kamera, lakini mwanga ulioongezwa ni laini mno, na kwenye anga unaweza hata kugawanyika kuwa pete pete. Natia chembechembe kidogo kwenye matabaka ya mwanga peke yake hadi zilingane na zile za kwenye miti, kisha nazisoma tena zile alama mbili.